Skafu juu ya koti: utaitenganisha kwa mstari, kwa kivuli au kwa maumbo bapa?

Ukichora mtu aliyevaa koti na kujizungushia skafu shingoni, kuna eneo dogo, kuanzia kidevuni hadi kifungo cha kwanza, linaloweza kuvuruga picha nzima. Hapo kola, skafu na kifua cha koti vinapandana. Vyote ni kitambaa, vyote vina mikunjo, na mara nyingi vyote ni vya rangi nzito. Matokeo yake huwa bonge moja lisilosomeka: ukingo wa kola unadhaniwa kuwa ukingo wa skafu, na ncha ya skafu inayoning'inia inageuka kuwa kipande cha koti.

Mimi huchora vielelezo vya vitabu, na somo hili nililipata kwa njia ngumu. Nilimchora mzee mwenye koti la kijani kibichi na skafu nyekundu iliyoiva. Kwenye skrini vilitengana vizuri sana. Kitabu kikachapishwa kwa wino mweusi peke yake, na vile viwili vikawa kijivu kilekile. Msomaji wa kwanza niliyemwonyesha aliniuliza kwa nini mzee ana mfuko mrefu kifuani. Mchapaji hakukosea chochote. Rangi zangu zilitofautiana kwa jina, lakini weupe na weusi wake ulikuwa sawa, na sikuwa nimeweka kitu kingine chochote cha kutenganisha maumbo.

Njia zinazotumiwa zaidi kuepuka hali hiyo ni tatu: kutenganisha kwa mstari, kutenganisha kwa kivuli, na kutenganisha kwa maumbo bapa yenye mwanya kati yake. Kila moja ina mahali inapong'aa na mahali inapokwama. Ili nizitendee haki zote, nitazipima kwa picha moja ileile.

Tutapima nini

Swali la kwanza ni ukubwa: picha itatazamwa ikiwa na ukubwa gani mwishoni? Kielelezo cha ukurasa mzima na alama ndogo kwenye simu havihitaji dawa moja. La pili ni wino: picha itabaki na rangi zake, au huenda ikachapishwa nyeusi na nyeupe? La tatu ni kitambaa. Je, mtazamaji anatakiwa ahisi kwamba skafu ni ya sufi nene na koti ni zito, au inatosha ajue tu kwamba ile ni skafu? La mwisho ni marekebisho, maana kuna kazi ambazo mteja hubadilisha mawazo mara tatu, na kuna njia zisizovumilia kubadilishwa.

Kabla ya kuchagua: mpango ambao njia zote tatu zinauhitaji

Picha yetu ni hii. Mtu amesimama, amegeuka kidogo kuelekea kulia kwetu. Amevaa koti lenye kola pana, iliyosimama nyuma ya shingo na kulala kifuani. Skafu ameizungusha mara moja kamili, ncha mbili zinaning'inia mbele. Mwanga unatoka juu kushoto.

Jambo linalokosewa kuliko yote ni mpangilio wa kupandana. Wengi huamua kwamba skafu iko juu ya koti, wakaanza kuchora. Kwa kola iliyosimama hilo si kweli pande zote. Nyuma na pembeni mwa shingo, skafu iko ndani ya kola. Mbele, skafu iko juu ya koti. Kwa hiyo kila upande kuna mahali ambapo skafu inatoka ndani ya kola na kuja juu yake. Mimi hupaita mlango. Kwa kawaida uko mbele kidogo ya bega, pale kola inapoacha kusimama na kuanza kulala kuelekea kifuani. Weka nukta mbili za penseli, moja kila upande. Nyuma ya nukta, kola inaifunika skafu. Mbele ya nukta, skafu inaifunika kola. Ukishaweka nukta hizo, kazi imepungua nusu.

Kisha chora kola nzima kana kwamba skafu haipo, na shingo nzima kana kwamba kola haipo. Mistari iliyofichika utaifuta baadaye. Asiyefanya hivyo huona kola ikiingia chini ya skafu upande mmoja na kutokea upande wa pili mahali ambapo haiwezi kuwapo.

Urefu nao usikadiriwe kwa hisia. Chukua skafu ya sentimita 180. Katikati yake iko kooni. Kila nusu inaenda kisogoni, zinapishana, kisha zinarudi mbele. Shingo pamoja na unene wa kitambaa ni kama sentimita 50 kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo kila nusu imetumia sentimita 50 kabla haijaanza kuning'inia, na imebakiwa na 40. Hizo ni vichwa viwili kasoro kidogo, kutoka kwenye mtulinga hadi karibu na kitovu. Ukiona skafu iliyozungushwa hivyo na bado inafika magotini, basi skafu hiyo ni ndefu kupita kawaida, na mtazamaji atahisi kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Mimi huvuta ncha moja iwe ndefu na nyingine fupi, tuseme sentimita 48 na 32. Ncha zinazolingana husimama kama nguzo mbili na kuanza kufanana na kola za koti.

Adui wa mwisho ni kingo zinazogusana au kufuatana. Katika picha hii hutokea mahali patatu: ukingo wa chini wa mzunguko wa skafu unapofuata ukingo wa kola, upande wa ncha unapoteremka sambamba na mstari wa vifungo, na ncha inapoishia mahali palepale mfuko unapoanzia. Dawa ni moja, ama kingo zikatane waziwazi ama ziachane waziwazi. Ielekeze ncha ndefu ivuke mstari wa vifungo kwa mshazari, na iishie juu au chini ya mfuko kwa upana wa kidole cha mhusika. Hakuna kivuli wala rangi itakayookoa kingo mbili zilizoungana, na ndiyo maana nimelitaja hili kabla ya njia zenyewe.

Njia ya kwanza: mstari

*Inavyofanya kazi.* Jicho linasoma kupandana kutokana na jinsi mistari inavyokutana. Mstari mmoja ukiishia ubavuni mwa mwingine, kama mguu wa herufi T unavyoishia kwenye kichwa chake, ule ulioishia unaonekana uko nyuma. Mistari miwili ikikutana ncha kwa ncha, jicho linadhani ni kona ya kitu kimoja. Basi kazi yote ni kuhakikisha kwamba kila mahali skafu inapokutana na koti panaunda T, na kwamba kichwa cha T ni cha kitu kilicho mbele.

Kwenye picha yetu pita mahali hapo kimoja kimoja. Mbele, mistari ya kola inaishia kwenye ukingo wa skafu. Mstari wa vifungo unapanda kutoka chini na kuishia kwenye ncha ndefu, kisha unatokea tena upande wa pili. Uweke rula uone kama vipande hivyo viwili viko kwenye mstari mmoja. Ukifika kwenye nukta za mlango, mambo yanageuka: sasa mstari wa skafu ndio unaoishia kwenye ukingo wa kola. Kama hujaona mgeuko huo kwenye mchoro wako, rudi nyuma, kuna kitu umekisahau.

Uzito wa mstari unaongeza nguvu. Natumia kalamu ya milimita 0.8 kwa ukingo wa skafu pale unapopita juu ya koti, 0.5 kwa kola na koti, na 0.2 kwa mikunjo. Halafu kuna jambo dogo lenye faida kubwa: mstari ulio nyuma uishie milimita moja kabla ya kugusa ulio mbele. Mwanya huo mweupe unaisukuma skafu mbele, na wino haujikusanyi kwenye kona.

Mikunjo ya mzunguko ifuate mviringo wa shingo, na ya ncha iteremke. Mwelekeo huo peke yake unatofautisha sehemu mbili za skafu ileile. Matamvua yachore kwa mafungu ya nyuzi tatu au nne, mengine yakiegemea pembeni. Ukichora kila uzi, chini ya skafu panakuwa pazito kuliko uso.

*Inapokwama.* Mstari hauvumilii wingi. Skafu yenye mraba-mraba juu ya koti lenye mistari inazalisha T za uongo kila mahali, na jicho halijui ifuate zipi. Hapo lazima kitu kimoja kibaki kitupu, na mara nyingi nachagua koti. Kupunguza ukubwa nako kuna mpaka: picha ikichapwa nusu ya ukubwa wake, mstari wa 0.2 unakuwa 0.1, na kwenye karatasi inayonyonya wino huanza kukatika. Na ingawa mstari unasema vizuri sana nani yuko juu ya nani, unasema machache kuhusu uzito wa kitambaa.

*Inamfaa nani.* Anayechora kwa kalamu, anayechora katuni zenye picha nyingi kwa ukurasa, na yeyote ambaye kazi yake itachapwa kwa wino mmoja. Kurekebisha ni rahisi kabla ya wino na ni tabu baada yake.

Njia ya pili: kivuli

*Inavyofanya kazi.* Hapa ukingo hauchorwi. Unatokea kwa sababu pande zake mbili zina kiwango tofauti cha weusi. Anza na viwango vitatu tu: skafu nyepesi, kola ya kati, koti zito, au mpangilio mwingine wowote mradi jirani wawili wasilingane. Bana macho mpaka picha iwe na ukungu. Kama bado unaona vipande vitatu, endelea. Kama vimekuwa viwili, simama urekebishe, kwa sababu kivuli chochote utakachoongeza baadaye kitakuwa kinapigana na msingi mbovu. Kwa anayefanya kazi ya rangi, kuigeuza picha kuwa ya kijivu kwa sekunde moja kunatoa jibu hilohilo. Ndicho nilichopaswa kukifanya kwa yule mzee wangu.

Baada ya hapo ndipo vije vivuli vinavyoangushwa, na hapa njia hii inaonyesha utajiri wake. Kwa kuwa mwanga unatoka juu kushoto, kila ukingo wa skafu unaangusha kivuli chini na kulia kwake. Pale skafu inapolala juu ya koti, kivuli ni chembamba, cheusi, na ukingo wake ni mkali. Pale inapoinuka, kivuli kinahama mbali na skafu, kinapanuka na kufifia kingoni. Kwa hiyo kwenye ncha ndefu kivuli hakipaswi kuwa na upana mmoja kutoka juu hadi chini. Karibu na mtulinga kitambaa kimebebwa na unene wa mzunguko na hakigusi kifua, hivyo kivuli kiko mbali kidogo na kina ulaini. Chini zaidi ncha inakigusa kifua, na kivuli kinabana hadi kuwa uzi. Kisha matamvua yanaachana na koti tena, na kivuli kinatoka. Ukiyafuata mabadiliko hayo, mtazamaji anahisi unene wa sufi bila wewe kuchora hata uzi mmoja. Ukipiga ukanda wa kivuli wenye upana sawa kote, skafu itaonekana kama karatasi iliyobandikwa.

Usisahau kwamba kivuli hufuata kitu kinachokipokea. Kivuli cha ncha kikipita kutoka kola kwenda kifuani kinashuka ngazi, kwa sababu kola ina unene wake. Kigeuzo hicho kidogo, pengine milimita mbili kwenye mchoro wa karatasi ya kawaida, kinaonyesha kwamba kola na koti ni tabaka mbili. Kwenye mlango wa skafu mambo yanageuka kama yalivyogeuka kwa mstari: pale kola ndiyo inayoiangushia skafu kivuli, na skafu inazama kwenye giza inapoingia ndani.

*Inapokwama.* Inakula muda. Picha ambayo kwa mstari inanichukua saa moja, kwa kivuli inanichukua alasiri nzima. Marekebisho yanaumiza, maana kuhamisha ncha kwa sentimita moja ni kuhamisha kivuli chake, ngazi yake na mwanga wa pembeni yake. Ukipunguza picha hadi ukubwa wa ukucha, vivuli vyote vya kuvutia vinatoweka na vinabaki vile viwango vitatu vya mwanzo, ndiyo sababu vinatakiwa vijitegemee. Na mwanga ulio sawa pande zote, kama wa siku yenye mawingu mazito, hauangushi kivuli cha kutegemea. Unabaki na giza jembamba la mahali vitambaa vinapogusana.

*Inamfaa nani.* Anayetaka kitambaa kihisiwe, anayechora picha moja kubwa ya kutazamwa kwa utulivu, na mwanafunzi anayejifunza kutazama. Kwa huyu wa mwisho ningeongeza: vaa skafu mwenyewe mbele ya kioo, taa ikiwa upande mmoja, uone kivuli kinavyobana na kuachia. Dakika kumi za hivyo zinafundisha kuliko maelezo yangu.

Njia ya tatu: maumbo bapa yenye mwanya

*Inavyofanya kazi.* Kila kitu ni umbo lililofungwa lenye rangi moja, bila mstari na bila kivuli. Utengano unatokana na tofauti ya weusi na weupe, pamoja na mwanya wa rangi ya usuli unaozunguka umbo lililo mbele. Ni njia ya alama, vibandiko na michoro ya kompyuta inayokuzwa na kupunguzwa.

Kanuni ya kwanza ni kwamba maumbo yapandane kwelikweli. Koti liendelee chini ya skafu. Ukilikata koti lifuate ukingo wa skafu ili vipande vikae ubavu kwa ubavu, skrini mara nyingi itaonyesha uzi mwembamba wa usuli kwenye kiungo, na ukisogeza skafu kidogo utaona shimo.

Kanuni ya pili ni hesabu ya mwanya. Tuseme unachora kwenye eneo la pikseli 512, na alama itaonekana pia kwa pikseli 32. Hiyo ni mara 16 ndogo zaidi. Mwanya wa pikseli 8 utakuwa nusu pikseli, yaani utayeyuka na skafu itaungana na koti. Unahitaji angalau 16 ili ubaki na pikseli moja kamili.

Sasa lile suala la mlango linarudi kwa sura nyingine. Kwenye SVG, faili ya mchoro wa kompyuta inayoandikwa kwa maneno, kilichoandikwa baadaye kinachorwa juu ya kilichotangulia. Kola haiwezi kuwa kabla na baada ya skafu kwa wakati mmoja, kwa hiyo inagawanywa: sehemu iliyo nyuma ya shingo inaandikwa kwanza kabisa, sehemu iliyosimama pembeni inaandikwa baada ya skafu, na sehemu iliyolala kifuani inabaki pamoja na koti.

```
<g id="kola-nyuma"> ... </g>
<g id="kichwa-shingo"> ... </g>
<g id="koti-na-kola-ya-kifuani"> ... </g>
<g id="skafu" stroke="#fff" stroke-width="32"
   stroke-linejoin="round" paint-order="stroke"> ... </g>
<path id="mwanya-wa-kola" fill="none"
   stroke="#fff" stroke-width="32" d="..."/>
<g id="kola-iliyosimama"> ... </g>
```

Upana ni 32 na si 16 kwa sababu mstari hukaa katikati ya ukingo: nusu nje, nusu ndani. `paint-order="stroke"` inauweka mstari chini ya rangi ya umbo, hivyo nusu ya ndani inafichwa na inayobaki ni 16 ya nje. Ndani ya kundi la skafu andika mzunguko kwanza, kisha ncha fupi, kisha ncha ndefu, maana ncha zinapita juu ya mzunguko. Kila moja itapata mwanya wake.

Kola iliyosimama sikuizungushia mwanya wake wote. Ningefanya hivyo, mkato mweupe ungetokea pale inapounganika na kola ya kifuani, na kola moja ingeonekana kama mbili. Badala yake kuna njia iliyo wazi, `mwanya-wa-kola`, inayofuata ukingo wa kola pale tu unapoivuka skafu.

*Inapokwama.* Mwanya mweupe unategemea usuli mweupe. Ukiiweka alama juu ya picha au rangi nyingine, skafu inapata utando mweupe kuizunguka hadi nje ya koti. Usuli ukiwa wa rangi moja, badilisha rangi ya mwanya ifanane nao. Ukiwa haujulikani, itabidi mwanya ukatwe kwa kinyago ili uwe tundu la kweli. Kwa upande wa kitambaa, njia hii haisemi lolote: sufi na hariri ni kitu kimoja. Na matamvua hayana nafasi. Kwa pikseli 32 ncha yenye upana wa 96 inabaki na pikseli 6, na humo hakuna nyuzi zinazoweza kuonekana. Mikato miwili mipana chini ya ncha inatosha kwa ukubwa wa kati, na kwa ule mdogo kabisa iache iwe imenyooka.

*Inamfaa nani.* Mbunifu wa alama, anayechora wahusika watakaosogezwa baadaye, na anayefanya kazi na mteja mwenye mabadiliko mengi. Hapa kuirefusha ncha ni kuvuta nukta mbili tu.

Jaribio gumu: koti jeusi, skafu nyeusi

Hali hii inatofautisha njia hizi kuliko nyingine zote. Maumbo bapa yanaipita kwa urahisi, kwa sababu mwanya mweupe hauhitaji rangi za vitu viwili zitofautiane. Mstari unaipita kwa kugeuza mambo: vitambaa vinajazwa wino, na kingo zinaachwa nyeupe au zinarudiwa kwa kalamu nyeupe. Kivuli ndicho kinachohangaika, kwani giza haliwezi kuangukia giza likaonekana. Mchoraji wa njia hii inabidi aache kutafuta vivuli na atafute mwanga: uzi mwembamba wa kijivu juu ya ukingo wa mzunguko, unaokatika na kuanza tena, na kola inayopokea mwanga kidogo kwenye mkunjo wake. Ni ngumu, lakini ikifaulu ndiyo yenye uzuri wa kipekee kati ya zote.

Ukigeuza hali, koti jeupe na skafu nyeupe, mizani inahama. Kivuli kinastarehe kabisa, mstari hauna shida, na mwanya mweupe unapotea usionekane. Lazima uwe wa rangi.

Kwa hali yako

Kama unachora kitabu cha hadithi chenye wahusika wanaorudi ukurasa baada ya ukurasa, na hujui kitachapwa kwa rangi au la, mstari utakupa usingizi mzuri. Weka rangi juu yake ukipenda, lakini hakikisha mchoro unasomeka kabla ya rangi.

Kama ni picha moja ya jalada, au ni picha ya mtu ambayo ukweli wa sufi shingoni ni sehemu ya hadithi yake, jipe muda wa kivuli. Amua kwanza ncha zitakaa wapi, umwonyeshe mteja rasimu ya viwango vitatu, na usianze vivuli vinavyoangushwa kabla hajaikubali.

Kama picha itakuwa ndogo popote pale, anza na ule ukubwa mdogo kuliko wote, kwa maumbo bapa, kisha panda. Kinachosomeka kwa pikseli 32 kitasomeka kwa 512. Kinyume chake hakiaminiki.

Kama unaanza kujifunza na una penseli tu, chora picha yetu mara mbili: kwanza kwa mstari ili uzizoee T na mlango wa kola, halafu kwa kivuli juu ya mchoro uleule ukifuta mistari kadiri weusi unavyoshika nafasi yake. Utaona mahali ambapo mstari ulikuwa unakubebea kazi.

Na kama umeshakwama na mchoro uliokwisha, skafu na koti vimeungana na tarehe ya kukabidhi ni kesho, usianze upya. Tafuta mahali kingo mbili zinapofuatana na usogeze mmoja. Kisha fungua mwanya mwembamba pembeni mwa ncha ndefu, kwa kifutio au kwa rangi nyeupe, upande ule ulio mbali na mwanga, na utie giza koti mara tu baada ya mwanya huo.